Mkate wa mayai: jinsi ya kuivisha yai ndani bila unga kupasuka

Tangu tuzungumzie biashara ya chapati minadani, swali moja limekuwa likirudi kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Jorodom na vijiji vya jirani, upande wa Mbulu na upande wa Hanang: ule mkate wenye yai ndani unapikwaje? Waliouliza wanajua kusukuma chapati. Shida yao ni mbili, nazo zinakwenda pamoja. Ama unga unapasuka na yai linamwagika kwenye tawa, ama mkate unatoka mzima na mzuri kwa nje, lakini mteja akiumega anakuta yai bibichi. Hewani tulijibu kwa dakika chache tu. Hapa tunaeleza kwa nafasi, ili uweze kusoma huku simu ikiwa kando ya jiko.

Kwanza tuelewane ni mkate gani. Huku kwetu ukisema chapati ya mayai, wengine wanaelewa chapati ya maji iliyochanganywa yai kwenye uji wake wa unga. Siyo hiyo. Wala siyo roleksi ya Uganda, ambayo chapati yake imeshaiva, kisha inalazwa juu ya yai la kukaanga na kuviringishwa. Kwenye roleksi unga hauwezi kukusumbua kwa sababu umeshakauka. Tunaozungumzia ni mkate ambao unga wake ni mbichi wakati yai linapotiwa, na vyote viwili vinaivia pamoja kwenye mafuta. Mombasa wanauita mkate wa mayai, na mara nyingi huwa na nyama ya kusaga. Zanzibar, pale Bustani ya Forodhani mbele ya bahari, unapikwa kila jioni na wageni wanaujua kwa jina la piza ya Zanzibari, ingawa na piza ya Kiitaliano haufanani hata kidogo. Jamaa yake wa mbali anapatikana Yemen na Saudia, ambako huitwa mutabaki, neno la Kiarabu lenye maana ya kilichokunjwa, na ukivuka bahari utamkuta mpaka Malesia.

Ukimtazama mpishi wa Forodhani kwa makini, utaona jambo ambalo wengi hawalioni kwa sababu mikono yake ina kasi. Anatandaza donge la unga mpaka linakuwa jembamba sana. Halafu anachukua kipande kingine kidogo cha unga, nacho amekitandaza, anakilaza katikati ya kile kikubwa. Ndipo anaweka nyama, kitunguu na yai, anakunja pande zote na kupata mraba. Kile kipande kidogo ni kiraka, isipokuwa kinawekwa kabla ya tundu kutokea. Katikati ndipo unga unapokuwa umevutika zaidi, na ndipo uzito na maji ya yai yanapokaa. Ukiacha hicho kiraka, mengine yote utakayoyafanya kwa uangalifu yatakuponyokea hapo.

Yeye anakunja mezani, kisha ananyanyua mkate wenye yai bibichi na kuupeleka kwenye mafuta. Hilo linahitaji mkono uliozoea miaka. Kwa anayeanza tunashauri njia ya wapishi wa Malesia: karatasi ya unga ilazwe kwenye tawa kwanza, yai litandazwe hapo hapo unga ukiwa juu ya moto mdogo, kisha ukunjwe ukiwa kwenye tawa. Hakuna kunyanyua kitu kilicholowa, na yai linaanza kushikana kabla hujaugeuza mkate.

Tuanze na unga, maana kupasuka kunaanzia kwenye kukanda, saa mbili kabla ya moto. Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta na maji ya uvuguvugu mililita 300. Chupa ya kioo ya soda ya mililita 350 ikipungua kidogo mabegani ndiyo kipimo chako. Kanda dakika kumi. Unga huu uwe laini kuliko wa chapati za kawaida, unate kidogo mkononi lakini usibaki kwenye vidole. Mtu aliyezoea kukanda unga mgumu ataona kama ameharibu. Avumilie.

Gawa madonge saba makubwa, kila moja kama chungwa dogo, na madonge saba madogo kama gololi kubwa, hayo ya viraka. Yapake mafuta yote, yafunike kwenye sinia, uyaache saa moja angalau. Saa mbili ni bora zaidi. Sababu ni hii: ngano ina protini ambayo ikikutana na maji na kukandwa inafanya nyuzi zinazovutika kama mpira. Mara tu baada ya kukanda nyuzi hizo zimekaza. Ukizivuta zinarudi, na ukizilazimisha zinakatika. Zikipumzika zinalegea, na donge linakubali kutandazwa kwa kiganja tu, bila hata kifimbo. Jaribio ni rahisi: vuta kipande kidogo kati ya vidole ukielekeze kwenye mwanga. Kikiwa chembamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole upande wa pili kabla hakijakatika, unga uko tayari. Kikikatika mapema, funika urudi baada ya nusu saa.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa Hanang na Mbulu zaidi ya watu wa Forodhani. Kwetu ngano inalimwa, na nyumba nyingi hupeleka ngano yao mashineni na kurudi na unga wenye pumba. Ni unga mzuri kwa afya na kwa chapati nene. Kwa mkate huu una tatizo: vipande vya pumba vina ncha, na unga ukitandazwa mwembamba kila kipande kinakuwa mahali pa kuanzia tundu. Pia haunyonyi maji kwa kasi ileile. Huna haja ya kuuacha. Chekecha kwa chekeche lenye matundu madogo, kisha changanya nusu kwa nusu na unga mweupe wa dukani, uongeze maji kidogo, na kupumzika kuwe saa mbili kamili. Unga wa mashine peke yake bila kuchekecha tusingemshauri mtu kuuanzia.

Sasa yai. Kila mkate unatosha yai moja, lisizidi. Tunajua mteja anapenda kusikia mayai mawili, lakini hesabu ya joto haikubali. Yai moja likitandazwa kwenye upana wa kiganja kilichofunguka linakuwa na kina cha milimita tatu au nne. Mayai mawili yanakuwa na kina mara mbili, na joto linalopita kwenye kitu linachukua karibu mara nne ya muda kufika katikati unene unapokuwa mara mbili. Ndiyo maana mkate wa mayai mawili unaungua nje huku ndani bado kunacheza. Anayetaka mayai mawili muuzie mikate miwili.

Vunja yai kwenye kikombe peke yake, ulitazame na kulinusa, kisha lipige kwa uma taratibu mpaka ute na kiini vichanganyike. Usilipige mpaka litoe povu jingi. Povu ni hewa, na hewa ikipata joto inavimba na kusukuma kunjo za mkate. Ongeza kitunguu kilichokatwa vidogo sana, vijiko viwili vikubwa, na hoho kidogo ukipenda. Nyanya iache kabisa kwa sababu inatoa maji. Chumvi iwekwe mwisho, sekunde ile unapomimina, kwa kuwa ikikaa inavuta maji kutoka kwenye kitunguu na yai linakuwa jepesi la kutiririka. Vipande vya kitunguu vyenye pembe kubwa navyo hutoboa unga, kwa hiyo kisu kifanye kazi.

Moto ndio sehemu inayowakosesha wengi, na kosa ni moja: moto mkali. Watu hufikiri yai lililofungwa ndani ya unga linahitaji moto mkali ili limfikie. Yai lililopigwa linashikana na kuwa salama kuliwa likifika nyuzijoto 71. Kwenye miinuko yetu maji huchemka karibu na nyuzijoto 94 au 95, pungufu kidogo kuliko pwani ambako ni 100, na hata hivyo ni juu sana ya hiyo 71. Maana yake ni kwamba huhitaji kuchemsha kitu ndani ya mkate. Kinachohitajika ni muda. Moto ukizidi, maji yaliyomo kwenye yai yanageuka mvuke kwa ghafla, mvuke unatafuta sehemu dhaifu, na unga unafumuka hapo.

Basi tandaza makaa pembeni mwa jiko, au kama ni kuni zivute mbili nje. Kabla ya kutia mafuta, dondosha tone la maji kwenye tawa. Likikimbiakimbia kama shanga, moto ni mkali mno, subiri. Likitulia mahali pake, likalia taratibu na kukauka, ndipo.

Twende na mkate mmoja mwanzo hadi mwisho. Geuza sinia juu chini, lipake mafuta, weka donge kubwa na ulibonyeze kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Kisha inua ukingo kidogo na kuuvuta, ukizunguka, mpaka karatasi ya unga ifike upana wa sentimita 28 hadi 30. Ikitokea tundu dogo pembeni usihangaike, pembeni patakunjwa. Tandaza donge dogo mpaka upana wa kiganja, liweke kando. Tia kijiko kikubwa cha mafuta kwenye tawa, uyasambaze mpaka kwenye kingo. Viringisha karatasi yako kwenye mikono miwili, uilaze kwenye tawa, uinyooshe haraka, kiraka katikati.

Kuanzia hapo una kama nusu dakika. Mimina yai juu ya kiraka na ulitandaze kwa mgongo wa kijiko, bila kukwaruza, ukiacha vidole vitatu au vinne vya unga mkavu pande zote. Tazama rangi ya unga. Ukiwa bado wa kung'aa na mlaini, kunja: kushoto, kulia, upande wako, upande wa mbali. Kila upande upande juu ya mwenzake kiasi cha vidole viwili. Ukiona unga umeanza kuwa mweupe mkavu na kutoa malengelenge kabla hujakunja, umechelewa, na kunjo zitavunjika badala ya kukunjika. Kwa mkate huo fanya kunjo mbili tu kama bahasha, lakini kwa unaofuata punguza moto. Yai kidogo likigusa mahali pa kunjo si vibaya, linagandisha kama gundi. Likiwa linatiririka hapo ndipo lina shida.

Umepata mraba wa kama sentimita 14. Usiubonyeze katikati. Uache dakika moja na nusu hadi mbili. Chini, kiraka na unga vinaiva na tabaka la chini la yai linashikana. Juu kuna kunjo ambazo bado ni mbichi, lakini hazijabeba kitu. Hii ndiyo faida ya mpangilio huu: unapogeuza, yai limeshaanza kuwa zito na halitafuti njia tena.

Utajuaje wakati wa kugeuza? Tikisa tawa. Mkate ukiteleza wenyewe, uko tayari. Ukiganda, usiuchokonoe, maana hapo ndipo mikate mingi hupasuka. Dondosha mafuta kwenye kingo usubiri sekunde 20. Kisha ingiza mwiko bapa mpaka upite katikati, shika juu kwa kijiko kingine, ugeuze mara moja bila kusita. Kunjo sasa ziko chini.

Upande huu unahitaji subira kuliko wa kwanza, kwa sababu penye kunjo unga una tabaka mbili hadi nne. Ongeza kijiko kidogo cha mafuta au samli kuzunguka mkate, uache dakika mbili hadi tatu kwa moto uleule mdogo. Mara nyingi lawama huangukia yai wakati kilichobaki kibichi ni unga wa kwenye kunjo, mweupe na wa kunata kwenye meno. Geuza tena dakika moja upate rangi. Jumla yake ni kama dakika sita kwa mkate mmoja, na mtu aliyepanga kuuza anatakiwa kuihesabu: tawa moja halitatoa zaidi ya mikate kumi kwa saa. Wateja wakipanga foleni, kishawishi ni kuchochea moto. Ongeza tawa la pili badala yake.

Kuiva kwa ndani kunapimwa kwa kugusa na kwa kukata. Bonyeza katikati kwa mgongo wa mwiko. Mkate ulioiva unarudi kama godoro jipya. Usioiva unacheza kama mfuko wa maji, na mara nyingine tone la njano linachungulia kwenye pembe. Mkate wa kwanza wa kila siku ukate katikati utazame: yai liwe limeshikana lote, lisilong'aa kwa maji. Ukikuta bado, rudisha nusu zote mbili kwenye tawa, upande uliokatwa ukitazama juu, ufunike kwa sufuria dakika moja. Huo ule mwenyewe, na inayofuata iongezee muda upande wa kunjo.

Hatusisitizi hili kwa ajili ya ladha tu. Yai bibichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, vinavyoleta homa, kuhara na tumbo kukata, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wajawazito na wazee. Yai lenye vijidudu halina dalili, halinuki wala halibadiliki rangi. Kuliweka kwenye maji kuona kama linaelea kunakuambia umri wake tu. Lililoelea ni la zamani na usilitumie, lakini lililozama nalo lazima liive.

Kwa wanaouza mnadani tunaongeza jambo moja ambalo tumeliona sana: ndoo ya mayai yaliyopigwa asubuhi, thelathini kwa pamoja, ikikaa juani mpaka mchana ili kuokoa muda. Yai moja baya hapo limeingia kwenye mikate yote thelathini, na joto la mchana linavipa vijidudu saa za kuongezeka. Vunja yai mteja akishaagiza. Mayai yenye nyufa yabaki nyumbani, na mayai mazima yakae kivulini. Kitunguu unaweza kukikata mapema, chumvi iwe pembeni, na madonge yakiwa yamepakwa mafuta na kufunikwa yatakungoja saa kadhaa bila kuharibika.

Sasa tuseme mkate umepasuka hata hivyo, upande wa chini, na yai linatoka kwenye tawa. Usiunyanyue. Chukua kiganja cha unga uliobaki, kitandaze kiwe chembamba, subiri yai lililotoka lishikane, geuza mkate na ulaze kiraka hicho juu ya tundu wakati yai bado lina unyevu, kisha geuza tena kiive. Hautapendeza, ila yai limeokoka, na kwa bei za kawaida yai moja ni ghali kuliko unga wa donge lake.

Kuna wengine hupenda njia tofauti: chapati ya kawaida ya matabaka inaachwa ivimbe kwenye tawa, inatobolewa ukingoni kwa kisu, na yai linamiminwa kwenye uwazi ule. Inafanya kazi chapati ikivimba vizuri yote kama puto. Ikivimba nusu tu, yai linajikusanya upande mmoja likawa nene, na tumeshaeleza unene unafanya nini. Njia hiyo tungemwachia mtu ambaye chapati zake huvimba kila siku bila kukosa.

Mikate iliyobaki isiuzwe kesho yake kwa kupashwa juu juu. Uliokaa zaidi ya saa mbili nje, hasa kwenye joto la mchana, watu wa nyumbani wawe wameula kabla ya hapo. Na ukiipeleka mbali kwenye hotipoti, iache itoe mvuke kwenye ungo dakika mbili kabla ya kufunika, la sivyo maji yanarudi kwenye unga na kunjo zinafunguka zenyewe njiani.